Usitaje Bei Kabla Hujafungua Faili

Simu huingia asubuhi, na aghalabu mpigaji ana haraka. "Shikamoo mwalimu. Tuna ripoti ya kurasa 112 kuhusu uvuvi wa ziwani, tunaitaka kwa Kiswahili. Bosi anaingia kikaoni sasa hivi, nimwambie shilingi ngapi?" Zamani nilikuwa najibu papo hapo, na majibu hayo yalinigharimu. Siku hizi nasema: "Marahaba mama. Nitumie faili lenyewe. Kesho saa nne asubuhi utakuwa na bei mkononi, pamoja na maelezo ya kumpa bosi."

Kazi za namna hii hazitaisha hapa Kigoma. Ziwa Tanganyika linagusa nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mkataba wa kulisimamia ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyozaliwa na mkataba huo ina makao yake Bujumbura. Burundi na Kongo huandika ripoti zao kwa Kifaransa, Zambia kwa Kiingereza, na wataalamu wetu nao mara nyingi kwa Kiingereza. Lakini mvuvi wa Katonga na mama anayeanika dagaa Kibirizi wanasoma Kiswahili. Ongeza mashirika yanayohudumia wakimbizi wa Kongo na Burundi katika kambi kama Nyarugusu, wilayani Kasulu, utaona kwa nini mtafsiri aliyeko Ujiji anaweza kuletewa kitabu kizima wakati wowote. Makala hii ni kwa ajili ya mtafsiri huyo, na kwa afisa mradi anayeletewa profoma asijue aisome vipi.

Kosa langu lilikuwa kutoza kwa kurasa. Ofisi moja iliniambia ina kurasa 86, nami nikazidisha kichwani na kutaja bei. Faili lilipokuja, nusu yake ilikuwa picha za kurasa zilizopigwa kwa skana, maandishi madogo, yamebanwa safu mbili mbili. Ukurasa mmoja ulibeba maneno ya kurasa mbili na nusu za kawaida. Nilimaliza kazi, kisha yakaja maoni ya wasomaji wanne wa ofisi ile, kila mmoja kwa wakati wake, wawili wakipingana juu ya neno lilelile. Wiki tatu nilifanya masahihisho ambayo hayakuwa na shilingi hata moja. Ofisi haikunidhulumu. Niliuza muda ambao sikuupima.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba bei ya tafsiri kubwa ni ratiba iliyovalishwa shilingi. Kila shilingi unayoandika iwe na saa yake, na kila saa iwe na mtu atakayeifanya kazi. Saa hizo ziko za aina nne: za kutafsiri, za kupanga kurasa, za kupitia, na zile zinazoongezeka kwa sababu mteja ana haraka. Nitazifuata kwa kutumia ripoti ile ya kurasa 112. Viwango nitakavyotumia vimechaguliwa ili hesabu ifuatike kirahisi. Weka vyako mahali pake.

Kuhesabu maneno

Jambo la kwanza ni kukubaliana maneno yatahesabiwa upande gani. Hesabu maneno ya matini chanzi, yaani andiko unaloletewa, na uyaandike kwenye profoma. Kiswahili huunganisha mambo mengi katika neno moja: sentensi ya Kiingereza yenye maneno saba inaweza kuishia kuwa "hawataruhusiwa kuvua", maneno mawili. Ukilipwa kwa maneno ya Kiswahili, unaadhibiwa kwa kuandika Kiswahili safi, na unashawishika kurefusha sentensi bila sababu. Zaidi ya hayo, maneno ya chanzi yanajulikana kabla kazi haijaanza, kwa hiyo mteja anajua atalipa kiasi gani na hakuna ubishi mwishoni.

Ripoti yetu ililetwa katika mafaili mawili. La kwanza lilikuwa la Word. Ukienda Review kisha Word Count, weka alama kwenye kisanduku cha "Include textboxes, footnotes and endnotes", la sivyo tanbihi zote zitakuponyoka. Hesabu ilitoa maneno 31,400. Usiichukue hivyo ilivyo. Mashine huhesabu kila tarakimu iliyo peke yake kama neno, na ripoti ya uvuvi imejaa majedwali ya uzito wa samaki kwa kila mwezi na kila mwalo. Nilinakili tarakimu za majedwali yote 26, bila vichwa vya safu, katika faili jipya, nikazihesabu peke yake, nikapata tarakimu 3,900. Tarakimu haitafsiriwi, kwa hiyo niliiondoa. Yakabaki maneno 27,500.

Kisha nikatafuta yale ambayo mashine haikuyaona. Kulikuwa na michoro 14 iliyobandikwa kama picha, na maandishi yaliyo ndani ya picha hayaingii katika hesabu. Niliyahesabu kwa kidole, yakawa maneno 600.

Faili la pili lilikuwa PDF, kiambatisho cha kurasa 18 za Kifaransa zilizopigwa kwa skana. Humo huwezi kuhesabu kwa kubofya. Chagua kurasa tatu, mmoja mwepesi, mmoja wa kati na mmoja mzito, uhesabu maneno yake kwa mkono. Mimi nilipata 260, 310 na 330, jumla 900, wastani 300 kwa ukurasa. Mara 18 ni maneno 5,400. Kwa kuwa hayo ni makadirio, nilimwandikia mteja hivyohivyo: hesabu kamili itatolewa kurasa zikishachapwa upya, na tofauti italipwa au itapunguzwa kwa kiwango kilekile. Mteja akiona kwamba kanuni yako inakata pande zote mbili, hana sababu ya kuitilia shaka.

Jumla ikawa maneno 33,500. Kwa matini ya kitaalamu kama hii mimi hutafsiri maneno 1,800 kwa siku nikiwa na akili timamu. Kwa hiyo ni siku 19 za kazi. Kiwango chako cha neno kitoke hapo: siku yako inapaswa kuingiza kiasi gani ili kodi ya nyumba, umeme, mtandao, vocha na siku zisizo na kazi vilipike? Tuseme 180,000. Gawa kwa 1,800, upate shilingi 100 kwa neno. Kutafsiri ni 3,350,000.

Kupanga kurasa

Tarakimu tulizoziondoa kwenye hesabu ya maneno zinarudi hapa, maana hazitafsiriwi lakini zinachukua muda. Hatari kubwa iko katika nukta na koma. Mwandishi wa Kifaransa huandika 12,5 pale tunapoandika 12.5, na wengine huandika 1.250 kwa maana ya elfu moja mia mbili hamsini. Ukinakili bila kuangalia, tani elfu moja mia mbili hamsini za dagaa zinageuka tani moja na robo, na kosa hilo halionekani kwa kusoma sentensi. Dawa yake ni ya kizamani: watu wawili wakae, mmoja asome tarakimu kwa sauti kutoka katika chanzi, mwingine afuate katika tafsiri. Tarakimu 3,900 zinataka kama saa tano, yaani saa kumi za watu wawili.

Halafu kuna majedwali yenyewe. Kichwa cha safu kilichokuwa na neno moja fupi la Kiingereza kinakuwa "uzito wa samaki waliovuliwa", na hakiingii katika kisanduku. Safu zinasukumana, jedwali linavuka ukingo wa ukurasa, na kila kilicho chini yake kinahama. Nilikadiria robo saa kwa kila jedwali, saa sita na nusu kwa yote 26. Michoro 14 ya picha inapaswa kuchorwa upya au kufunikwa kwa visanduku vya maandishi, nusu saa kila mmoja, saa saba. Kurasa 18 za skana zichapwe upya kwa mpangilio wake, dakika 20 kila ukurasa, saa sita. Yaliyomo, namba za kurasa na ukaguzi wa mwisho, saa mbili na nusu. Jumla ni saa 22, na ukiongeza zile kumi za tarakimu ni saa 32.

Kazi hii si lazima uifanye mwenyewe. Kijana hodari wa stesheneri pale Mwanga anaijua kuliko mimi. Nikimlipa 10,000 kwa saa, kupanga kurasa kunakuwa 320,000. Iandike kama mstari unaojitegemea. Mteja akisema hana haja ya mpangilio, anataka maneno tu, mstari huo unaondoka bila kugusa mingine. Ukiificha ndani ya bei ya neno, mteja atakuomba punguzo la kitu asichokijua, nawe utapunguza sehemu ambayo inakuumiza.

Muda wa kupitia

Mstari huu ndio watafsiri wengi wa kwetu huuacha nje, na ndio unaotenganisha kazi nzuri na kazi ya aibu. Kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinataka tafsiri ipitiwe na mtu mwingine ambaye siye aliyetafsiri, akilinganisha chanzi na tafsiri sentensi kwa sentensi. Sababu yake kila mwandishi anaijua: jicho lako linasoma ulichokusudia, haliioni sentensi uliyoiruka.

Mpitiaji makini husoma maneno kama 900 kwa saa. Maneno 33,500 yanataka saa 38, na kwa saa sita za usomaji makini kwa siku hiyo ni zaidi ya siku sita. Kwa 20,000 kwa saa, anapata 760,000. Ongeza siku zangu mbili: moja ya kuingiza masahihisho yake, nyingine ya kuingiza maoni ya mteja. Hizo ni 360,000. Kupitia kote ni 1,120,000, theluthi ya gharama ya kutafsiri. Mteja akishtuka, mwonyeshe kazi yenyewe.

Kwenye ziwa letu kazi hiyo ni rahisi kuionyesha. Dagaa wetu Warundi humwita ndagala, na Wazambia humwita kapenta. Mgebuka wetu ni mukeke kwa Warundi. Ripoti iliyoandikwa na watu wa nchi nne inaweza kumtaja samaki mmoja kwa majina matatu, na mtafsiri akiyaacha kama yalivyo, msomaji wa wizarani atadhani ni samaki watatu. Vivyo hivyo wavu unaokokotwa hadi ufukweni: mtu wa pwani ya bahari ataandika juya, lakini mvuvi wa maziwa anaujua kama kokoro. Neno likiwa ndani ya kifungu kinachokataza zana fulani, mvuvi anayesoma anapaswa kujua bila shaka ni zana gani iliyokatazwa. Kamusi hazimalizi jambo hili. Machapisho ya Baraza la Kiswahili la Taifa yatakupa istilahi sanifu, lakini jina la samaki utalihakikisha kwa kulinganisha jina la kisayansi, na jina la zana kwa kwenda Kibirizi kumwuliza mwenye mtumbwi. Asubuhi hiyo ni sehemu ya kazi, nawe uwe umeihesabu katika kiwango chako cha maneno kwa siku. Ndiyo maana nimesema 1,800. Kwa barua za kawaida ningesema 2,500.

Maoni ya mteja nayo yawekewe mpaka. Sharti langu ni awamu moja ya maoni, yaliyokusanywa katika faili moja na kupitishwa na mtu mmoja mwenye mamlaka, ndani ya siku kumi tangu kukabidhiwa. Kosa langu nitalisahihisha bure hata baada ya mwaka. Lakini ofisi ikibadili andiko la chanzi, au ikabadili mawazo juu ya istilahi iliyokwisha kuikubali, hiyo ni kazi mpya inayolipwa kwa saa. Kwa sababu hiyohiyo andika kwenye profoma jina la faili na tarehe uliyolipokea, kwamba bei inahusu toleo hilo tu.

Haraka ina bei gani?

Mpaka hapa jumla ni 4,790,000. Kwa muda wa kawaida, mpitiaji akinifuata nyuma sura kwa sura badala ya kusubiri nimalize, kazi inakamilika katika siku 24 za kazi. Mteja wetu alitaka siku 12.

Wengi hapa huongeza asilimia 50 kwa mazoea, kisha wakishinikizwa hushusha hadi 10, kwa kuwa hawajui ile 50 ilitoka wapi. Afadhali kuijenga. Siku 12 haziwezekani kwa mtu mmoja. Kwa watafsiri wawili kila mmoja ana maneno 16,750, siku kumi, na mpitiaji hapati nafasi. Tunahitaji watatu: kila mmoja maneno kama 11,170, siku saba. Siku moja kabla yake ni ya kuandaa orodha ya istilahi, ili mmoja asiandike "mwalo" na mwingine "bandari ndogo". Siku ya tisa na ya kumi mpitiaji anamaliza, nami nazisawazisha sauti tatu ziwe moja. Ya kumi na moja ni masahihisho, ya kumi na mbili ukaguzi na kukabidhi.

Sasa gharama za haraka zinaonekana zenyewe. Siku ya istilahi na siku mbili za kusawazisha, ambazo zisingekuwepo kama ningefanya peke yangu, ni 540,000. Wenzangu wawili wanaweka kando kazi zao, kwa hiyo nawaongeza shilingi 20 kwa neno, kwa maneno takribani 22,000, ni 440,000. Mpitiaji anafanya kazi hadi usiku na Jumapili, namwongeza robo ya malipo yake, 190,000. Jumla ya haraka ni 1,170,000, karibu robo ya bei ya awali. Bei ya siku 12 ni 5,960,000.

Ila kabla ya kuituma, mwulize mteja swali moja: andiko hili litatumika siku gani, na nani atalisoma siku hiyo? Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi upande wetu wa ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Tangazo la jambo kama hilo likichelewa kwa wiki moja halina maana tena, kwa hiyo haraka yake ni ya kweli. Lakini mteja wetu alipoulizwa, ilionekana kwamba baada ya siku 12 alikuwa na mkutano na vikundi vya wavuvi, na pale palihitajika muhtasari tu wa kurasa sita, maneno kama 2,000. Ripoti nzima ilikuwa ya wizara na wafadhili, nao waliweza kusubiri. Basi tulikubaliana muhtasari utoke kwanza, umepitiwa na kusahihishwa, ndani ya siku tatu, na mengine yafuate kwa siku 24. Haikuongezeka hata shilingi moja. Akaokoa 1,170,000, nami nikalala usingizi.

Namna ya kuiandika

Profoma yetu ilikuwa ukurasa mmoja:

Kutafsiri maneno 33,500 ya chanzi kwa shilingi 100: 3,350,000.
Kupanga kurasa na kuhakiki tarakimu, saa 32: 320,000.
Kupitia, masahihisho na awamu moja ya maoni: 1,120,000.
Jumla, kwa siku 24 za kazi, muhtasari siku ya tatu: 4,790,000.
Nyongeza endapo yote yatatakiwa ndani ya siku 12: 1,170,000.

Chini yake ziliandikwa tarehe ya toleo la faili, sharti la maoni, malipo ya awali ya asilimia 40 kabla ya kuanza, na kwamba bei inadumu siku 30. Malipo ya awali si kutomwamini mteja. Mchapaji na mpitiaji hawawezi kungoja fedha ya mradi ipitie ofisi tatu.

Usisahau kodi ya zuio. Taasisi inayokulipa kwa huduma ya kitaalamu hukata asilimia 5 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Katika 4,790,000 hiyo ni 239,500, na mkononi zitafika 4,550,500. Andika wazi kwamba bei yako ni kabla ya makato hayo, na dai hati ya kodi iliyozuiwa, maana utaihitaji kupunguza kodi yako ya mwaka.

Mteja akikuomba upunguze, usiguse kiwango. Gusa kazi. Mpe orodha ya anachoweza kuacha: michoro ibaki kwa Kiingereza na ufafanuzi wa Kiswahili chini yake, kiambatisho cha Kifaransa kifupishwe, muda urefushwe. Ukishusha shilingi 100 hadi 70 huku kazi ikibaki ileile, umemwambia kwamba zile 30 zilikuwa za kumdanganya, na kazi ijayo ataanzia 70. Mstari mmoja tu usikubali uondolewe, nao ni wa kupitia. Afadhali kuikosa kazi kuliko kuweka jina lako kwenye sheria ya uvuvi iliyokosewa, ambayo mtu atanyang'anywa nyavu kwa sababu yake.

Nawe afisa mradi, ukiletewa profoma tatu, usichukue ya chini kabla hujatafuta humo mambo mawili: idadi ya maneno na jina la kazi ya kupitia. Yenye jumla moja tu isiyo na maelezo imeandikwa na mtu ambaye hakufungua faili lako. Na wewe mtafsiri, simu ikilia kesho, omba faili, lihesabu usiku, kisha asubuhi taja bei unayoweza kuieleza mstari kwa mstari.